Nikibonyezwa kisogoni, maumivu yanatokea nyuma ya jicho. Inakuwaje?

Mshonaji wa Mbagala

Wadau, habari za jioni. Naomba anayejua anieleweshe, maana nimezunguka sana na hili jambo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, kazi yangu kubwa ni sare za shule. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana naumwa nyuma ya jicho la kulia. Jicho lenyewe haliumi, ni nyuma yake, kama kuna kidole kinalisukuma kuja nje, kisha maumivu yanapanda hadi kwenye paji la uso juu ya nyusi. Ni kulia tu, kushoto sijawahi kuumwa hata siku moja. Nikikaa kwenye cherehani saa mbili asubuhi niko mzima. Ikifika saa tano shingo inakakamaa, na adhuhuri jicho limeshaanza.

Nilianzia kwenye macho, nikaambiwa jicho ni zima, nikapewa miwani. Nimeivaa miezi mitatu, hakuna kilichobadilika. Nikaambiwa ni sinasi, nikameza antibaiotiki dozi mbili, wala sikuwa na mafua. Presha imepimwa mara nyingi, iko sawa.

Wiki iliyopita jirani akanipeleka kwa mtu wa fizio. Alinilaza kifudifudi, akaweka vidole gumba chini ya fuvu upande wa kulia, pembeni kidogo ya katikati, akabonyeza polepole na kutulia hapo hapo. Mwanzoni nilihisi shingo tu. Nikawa nahesabu kimoyomoyo, na kabla sijafika kumi jicho likaanza. Maumivu ni yale yale, mahali ni pale pale. Akaachia, yakapotea. Akabonyeza tena, yakarudi. Nilitokwa na machozi, maana miezi tisa yote hiyo hakuna aliyewahi kunigusa shingo.

Swali langu: shingo iko nyuma, jicho liko mbele. Yeye aliniambia "ni neva za shingo" akawahi mgonjwa mwingine. Ni neva gani hiyo inayotoka shingoni ikafika jichoni?

Kijana wa Stendi

Pole sana dada. Hiyo ni neva imebanwa. Kuna neva kubwa inatoka kisogoni, inapanda juu ya kichwa, inakuja kuishia mbele kwenye jicho. Pingili ikisogea inaikalia, ndiyo maana ukibonyezwa nyuma unaumia mbele. Mimi nilikuwa na tatizo kama lako, kinyozi wangu akaninyonga shingo huku na huku ikalia, nikapona siku hiyo hiyo. Tafuta kinyozi anayejua, usipoteze hela.

Mzee wa Pingili

Mama, pole. Nimefanya fizio miaka 27, nimeshastaafu, na wagonjwa kama wewe nimewaona wengi. Wengi wao walikuja wakiwa wameshabadilisha miwani.

Nianze na kijana wetu hapo juu, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli. Ni kweli kuna neva kubwa inayotoka kisogoni. Inatokea kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya shingo, inapenya misuli ya nyuma, kisha inapanda chini ya ngozi ya kichwa hadi utosini. Lakini inaishia huko utosini. Haifiki kwenye paji, wala haifiki kwenye jicho. Paji la uso na jicho vina neva yao nyingine kabisa, inayotoka kwenye ubongo wenyewe, inaitwa neva ya tano ya kichwa. Ina matawi matatu: la juu ni la paji na jicho, la kati ni la shavu na meno ya juu, la chini ni la taya. Kwa hiyo ukitafuta uzi unaotoka shingoni kwenda jichoni hutaupata, hata ukimpasua mtu.

Zinakokutana ni ndani. Neva ya tano ikishaingia kwenye ubongo haiishii pale ilipoingilia. Nyuzi zake za maumivu zinateremka kwenda chini, zinapita shina la ubongo, zinaingia kwenye ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyomo ndani ya mifupa ya shingo, na zinashuka mpaka usawa wa pingili ya pili au ya tatu. Hapo hapo ndipo zinapoingilia neva tatu za kwanza za shingo. Hakuna ukuta kati yao. Chembe moja ya neva iliyoko pale inapokea habari za shingo na habari za paji kwa pamoja, halafu inapeleka juu ujumbe mmoja.

Chukulia nyumba mbili zinazotumia sanduku moja la posta. Barua zote zinatokea kwenye sanduku hilo hilo, na karani wa juu haoni mlango barua ilikotoka, anaona namba ya sanduku tu. Sasa uso unaandika barua kila siku, kila saa, kwa sababu ngozi ya uso na jicho vina hisia nyingi mno. Viungo vya ndani vya shingo vinaandika mara chache sana. Siku shingo ikiandika, karani anasema hii imetoka kwa jirani wa mbele, kama kawaida. Unachokihisi wewe ni hayo makosa ya karani.

Jicho lako halina kosa. Hata daktari wa macho hakukosea alipokuambia ni zima.

Mwalimu Chacha

Shikamoo mzee. Maelezo yako nimeyafuata vizuri, ila nina swali. Kama neva ya tano ina matawi matatu na yote yanateremka huko shingoni, kwa nini mama huyu asiumwe meno au taya? Kwa nini iwe paji na jicho tu?

Mzee wa Pingili

Marahaba mwalimu. Hapo umegusa penyewe. Matawi yote hayateremki sawa. Nyuzi za tawi la juu, lile la paji na jicho, ndizo zinazoshuka chini kuliko zote. Za taya nyingi zinaishia juu zaidi, kabla ya kufika kwenye eneo la neva za shingo. Kwa hiyo jirani wa shingo aliye karibu kuliko wote ni paji na jicho. Ndiyo maana wagonjwa wa shingo ya juu wakionyesha maumivu kwa mkono, mkono unaanzia kisogoni, unapita juu ya sikio au utosini, unaishia nyuma ya jicho. Wachache huhisi mpaka shavuni. Taya ni mara chache.

Na hili halikuwa la kukisia. Mwaka 1961 Kerr, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa aliogusa kwa umeme nyuzi za neva ya kwanza ya shingo. Walihisi maumivu kwenye jicho, kwenye paji na utosini. Yeye alikuwa anatafuta sababu ya wagonjwa wenye uvimbe nyuma ya ubongo kuumwa mbele. Miaka 40 baadaye, huko Brazil, watu wachache walijitolea kuchomwa sindano ya maji safi, yale ya kuyeyushia dawa, juu ya ile neva ya kisogoni. Maji hayo yakiingia kwenye nyama yanauma sana kwa muda mfupi. Nao walihisi maumivu mbele, kwenye eneo la neva ya tano, na wakati kisogoni ndiko walikochomwa.

Kila mtu humu ameshakutana na kitu cha jamii hii. Ukibugia juisi ya barafu kwa pupa, kinachopoa ni kaakaa, lakini unashika paji la uso. Na mtu akipatwa na moyo anaumwa mkono wa kushoto, wakati mkono ni mzima.

Bint Saidi

Asalaam aleikum. Mzee nashukuru, umenipa moyo. Shangazi yangu ana miaka 62, tangu jana usiku anaumwa jicho la kushoto na paji upande huo huo. Jicho limekuwa jekundu, anasema akiitazama taa anaona duara la rangi kulizunguka, na ametapika mara mbili. Shingo yake nayo imekaza. Tumemkanda shingo kwa maji ya moto lakini bado. Tumbonyeze wapi hasa?

Neema wa Macho

Waaleikum salaam dada. Msimbonyeze popote. Mimi ni muuguzi kliniki ya macho. Jicho jekundu, maumivu makali, duara za rangi kwenye taa na kutapika, kwa mtu wa umri huo, ni dalili za presha ya jicho iliyopanda ghafla. Mpeleke hospitali yenye huduma ya macho sasa hivi, usingoje asubuhi. Presha hiyo ikikaa kwa saa kadhaa inaweza kuua neva ya kuonea, na kilichokufa hapo hakirudi. Shingo imekaza kwa sababu ya maumivu ya jicho.

Mzee ataniunga mkono: maumivu yanayotoka shingoni hayafanyi jicho liwe jekundu namna hiyo wala hayaondoi uoni.

Mzee wa Pingili

Nakuunga mkono kwa asilimia mia. Bint Saidi, acha simu, mpeleke shangazi.

Mwalimu Chacha

Wakati tunamwombea shangazi, naomba nirudi kwenye uzi. Mimi nina kipandauso tangu nikiwa sekondari. Kinanishika nusu ya kichwa, nyuma ya jicho, siwezi kuvumilia mwanga wala sauti za wanafunzi, natapika. Na mara nyingi, saa kadhaa kabla hakijaanza, shingo inakaza. Mke wangu akinikanda kisogoni napata nafuu kidogo. Kwa maelezo yako mzee, mimi nami tatizo langu ni shingo? Maana nilishatumia dawa za kipandauso na zinanisaidia.

Kijana wa Stendi

Mwalimu hiyo ni shingo wazi kabisa. Si umesema inaanzia shingoni?

Mzee wa Pingili

Hapana kijana, tusikimbilie hapo. Na hapa naomba wote tutulie, kwa sababu ndipo hata wenzangu wa fizio wanapoteleza.

Sanduku la posta ni moja, na barua zinakwenda pande zote mbili. Kama maumivu ya shingo yanaweza kuhisiwa mbele, basi ugonjwa unaoanzia kwenye neva ya tano, kama kipandauso, nao unaweza kuhisiwa shingoni. Shingo inakaza, inauma ukiigusa, na haina ugonjwa wowote. Watu wengi mno wenye kipandauso huumwa shingo wakati wa shambulio au kabla yake. Mwalimu, ukisema mwanga unakuumiza, unatapika, na dawa za kipandauso zinakusaidia, mimi nakisia chako ni kipandauso na shingo inaimba tu wimbo wa mwenzake.

Sasa mama mshonaji, hili linakuhusu pia. Kubonyezwa kisogoni na maumivu kutokea jichoni kunaonyesha kwamba sanduku ni moja. Hakuonyeshi bado kwamba ugonjwa uko shingoni. Ukimbonyeza mwalimu hapo hapo, huenda naye akahisi jicho, kwa sababu zile chembe kwake zimeshaamka na zinaitikia kila kitu. Fizio wako alifanya jambo zuri, lakini asiishie hapo.

Nina maswali matatu kwako. Ukigeuza shingo kwenda kulia unafika wapi ukilinganisha na kushoto? Maumivu yamewahi kuhamia kushoto? Na dawa za maumivu unameza siku ngapi kwa mwezi?

Mshonaji wa Mbagala

Shikamoo mzee, ahsante sana. Kushoto sijawahi, nimesema. Kugeuka kulia nabanwa. Nikipanda daladala, konda akiniita kutoka kulia nageuka na mwili mzima.

Dawa mzee naona aibu. Karibu kila siku ya kazi. Panado mbili mchana, na ikizidi nanunua diklofenaki duka la dawa. Nikihesabu ni siku 20 kwa mwezi, au zaidi.

Mzee wa Pingili

Marahaba mama. Usione aibu, ulikuwa unataka umalize sare za watu. Lakini dawa za kawaida za maumivu, mtu akizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi mitatu na kuendelea, zenyewe zinaweza kuzaa maumivu ya kichwa. Zile chembe zinazidi kuwa nyepesi kuitikia. Ukitibiwa shingo huku unaendelea hivyo, hutajua nini kimekusaidia na nini kimekuharibia. Ongea na daktari namna ya kupunguza. Na diklofenaki ya kila siku figo na tumbo haviipendi.

Mwambie fizio wako akupime hivi. Ulale chali. Yeye akishike kichwa, aikunje shingo yako mbele kabisa, kidevu kielekee kifuani, kisha akiwa ameishikilia hivyo hivyo akigeuze kichwa kulia, halafu kushoto. Sababu ni kwamba shingo ikikunjwa kabisa pingili za chini zinafungwa, na karibu mzunguko wote unaobaki ni wa pingili ya kwanza juu ya ya pili. Kwa kawaida hizo mbili peke yake ndizo zinazobeba karibu nusu ya mgeuko wote wa shingo. Mtu mzima wa afya anafika digrii 40 hadi 45 kila upande. Mwenye kiungo hicho kibovu mara nyingi hafiki 33 upande unaouma, na anabanwa kama mlango uliogonga kitasa.

Kipimo hiki nacho si hakimu wa mwisho, lakini kinasema zaidi ya kubonyeza. Kinachokaribia uhakika ni daktari aliyesomea hilo kupiga ganzi neva ndogo ya kiungo kinachoshukiwa, akiangalia kwenye mashine. Maumivu ya jicho yakifa kabisa kwa muda ambao ganzi inafanya kazi, umepata jibu. Kwetu wanaofanya hivyo ni wachache, ndiyo maana tunaanza na mikono.

Usikimbilie eksirei. Ukipiga eksirei shingo za watu kumi wa umri wako, kadhaa utawaona na pingili zilizochakaa, na hawaumwi kitu.

Kijana wa Stendi

Mzee sikatai elimu yako, lakini mimi kinyozi alinisaidia kweli. Mbona unanyamaza kuhusu hilo? Watu wananyongwa shingo kila siku na hawafi.

Mzee wa Pingili

Sikunyamaza kwa dharau mwanangu, nilikuwa natafuta namna ya kulisema vizuri.

Nakuamini kwamba ulipata nafuu. Kiungo kikivutwa kwa kasi, misuli inalegea na maumivu yanapungua kwa muda. Lakini ule mlio si pingili kurudi mahali pake, kwa sababu haikuwa imetoka. Ni gesi ndani ya kiungo.

Tatizo ni mishipa ya damu. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda ubongoni ikipita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na pale juu, kwenye pingili ya kwanza, inajikunja kona kali. Ukizungusha kichwa kwa nguvu na ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika. Ni nadra, lakini ikitokea damu inaganda na mtu anapata kiharusi, hata kijana. Sasa angalia mtego ulipo: ukuta wa mshipa huo nao unatuma habari zake kwa neva zile zile za juu za shingo. Kwa hiyo mtu ambaye mshipa umeshachanika anaumwa shingo na kichwa upande mmoja, mpaka jichoni, sawasawa na mama huyu. Anakwenda kwa kinyozi anyongwe. Kinyozi hawezi kujua.

Kama maumivu ni mapya, yamekuja ghafla, hujawahi kuyaona ya namna hiyo, hasa baada ya kuanguka au kugongwa, au kope moja imelegea na mboni ya upande huo imekuwa ndogo, au unayumba, unaona vitu viwili, ulimi mzito, shingo hiyo haiguswi na mtu, inakwenda hospitali. Vivyo hivyo kichwa na shingo ngumu vikija pamoja na homa. Na mwenye baridi yabisi ya muda mrefu asikubali kunyongwa shingo kabisa, maana ugonjwa ule hula kano inayoshikilia pingili ya kwanza na ya pili.

Kijana wa Stendi

Hilo la mshipa sikulijua. Nimekuelewa mzee.

Bint Saidi

Narudi kushukuru. Tulifika usiku ule, ilikuwa presha ya jicho kama alivyosema dada Neema. Wamemwekea matone na dawa ya mshipani, wamesema watamfanyia leza. Anaona, ingawa si kama zamani. Mwenyezi Mungu awalipe.

Neema wa Macho

Alhamdulillah. Jicho la pili nalo lipimwe, usisahau kuwauliza.

Mshonaji wa Mbagala

Wadau, nimerudi baada ya wiki saba.

Fizio alinipima kama mzee alivyosema. Aliweka kipimo kidogo kichwani, kushoto nikafika digrii 44, kulia 26 halafu nikagonga. Alipogusa ule mwisho, jicho likaitika. Akasema kiungo cha pingili ya kwanza na ya pili, pengine na cha pili na tatu kulia.

Dawa nilipunguza kwa kusimamiwa na daktari. Siku kumi za kwanza zilikuwa mbaya kuliko miezi yote tisa, nisiwadanganye. Nilifunga kibanda siku nne. Baada ya hapo kichwa kikawa chepesi asubuhi, jambo ambalo nilishalisahau.

Matibabu yalikuwa mara mbili kwa wiki, wiki sita. Hakuninyonga. Alikuwa anakisogeza kiungo polepole, kama mtu anayejaribu droo iliyokwama. Zoezi alilonipa nililidharau siku ya kwanza: nalala chali, naitikia "ndiyo" kwa kichwa, kidogo sana, kidevu kinateremka bila kuinua kichwa, nashikilia nikihesabu mpaka kumi, mara kumi. Aliniwekea mkono shingoni mbele, akasema ile misuli mikubwa ya pembeni isikaze, ikikaza nimekosea. Siku ya kwanza nilishindwa baada ya mara tatu, shingo inatetemeka. Misuli midogo ya ndani ilikuwa imelala.

Tena alikuja kibandani kuniona nikishona. Meza yangu ni fupi, na taa iko kushoto, kwa hiyo kutwa nilikuwa nimeinama na kuchungulia nikiwa nimepinda kichwa kulia. Tumeinua cherehani kwa matofali mawili na kuhamisha taa. Hilo halikunigharimu hata shilingi.

Leo kulia nafika digrii 39. Jicho lilikuwa linauma siku tano kwa wiki, sasa ni moja, na wiki nyingine halipo kabisa.

Ila kuna kitu kimebaki, na ndicho nataka kuuliza. Siku mbili kabla ya hedhi maumivu yanarudi, kulia pale pale, lakini safari hii mwanga unanikera na tumbo linachafuka. Shingo siku hizo iko nzuri, nageuka bila kubanwa. Hapo mwanzo sikulitambua kwa sababu nilikuwa naumwa kila siku. Hii nayo ni shingo?

Mwalimu Chacha

Mama, unavyoeleza hizo siku mbili ni kama unanielezea mimi. Mwanga na kichefuchefu, hicho kwangu ni kipandauso.

Mzee wa Pingili

Hongera mama, umefanya kazi kubwa. Mwalimu nami naelekea huko huko. Inawezekana kabisa una vyote viwili, cha shingo kilikuwa kimekifunika cha pili. Na inawezekana pia kwamba ulikuwa na kipandauso kimoja tu muda wote, na shingo mbovu ilikuwa inakichokoza kila siku, ukaiondoa shingo kikabaki chenyewe na tarehe zake. Wataalamu wakubwa wanabishana hapo hapo tangu Sjaastad wa Norway alipoyapa maumivu ya kichwa ya shingoni jina lake mwaka 1983, na mimi kutoka huku siwezi kukuamulia.

Fanya hivi. Miezi mitatu, andika kwenye daftari la vipimo vya wateja: tarehe, saa iliyoanza, shingo ilikuwa inageuka au imebanwa, mwanga uliumiza au la, na kidonge ulichomeza. Siku zikijipanga kwenye hedhi bila shingo kubanwa, mpelekee daktari wa neva daftari hilo, akupe dawa ya kipandauso. Zoezi la "ndiyo" usiliache.

Mshonaji wa Mbagala

Sawa mzee, nimeanza leo, ukurasa wa nyuma wa daftari. Nitarudi baada ya miezi mitatu na tarehe zote.